Kuweka picha kwa skrini ya simu? Ipige ikiwa imezimwa

Wasee wa grafiki, hii kazi mnaijua. Mteja anauza viatu mtandaoni, anataka picha ya simu ikiwa mezani, na kwa skrini uonekane ukurasa wa duka lake. Wengi hubandika skrinishoti juu ya kioo na kutuma. Mteja anairudisha: "Hii si umegundisha tu?" Ameona sawa, manake mng'ao wa dirisha umefunikwa wote, na pesa bado haijaingia.

Dawa iko kwa kamera. Zima skrini kabla ya kupiga. Kioo cheusi hakina mwanga wake, kwa hivyo mwanga wote unaouona hapo ni wa dirisha na taa. Ukipiga ikiwa imewaka, mng'ao unachanganyika na picha ya ndani, na kuutenganisha baadaye ni balaa. Punguza mwanga wa kamera kidogo pia, kwa sababu ikiona weusi mwingi huangaza picha kupita kiasi.

Sasa fungua Photopea, haina malipo na inafanya kazi kwa brauza. Zungushia kioo kwa Pen, geuza mstari uwe selection, kisha bonyeza Ctrl+J. Hiyo ndiyo leya ya mng'ao. Chini yake weka skrinishoti, nenda Edit, Transform, Distort, uvute kona nne hadi zikae kwa kioo. Kinachomwagika nje, kifiche kwa mask yenye umbo la kioo.

Rudi kwa leya ya mng'ao, ubadilishe Normal iwe Screen. Hapo weusi unapotea, mwanga unabaki. Hesabu yake ni hii:

```
255 - (255 - a) * (255 - b) / 255
```

Tuseme mng'ao, yaani a, ni 128. Ukipita juu ya herufi nyeusi, ambayo b yake ni 0, herufi inakuwa 128, kijivu. Ni sawa kabisa, hata simu yako juani hufanya hivyo. Lakini ukurasa mweupe wa 255 unabaki 255, na mng'ao unamezwa. Kwa hivyo fungua Levels kwa skrinishoti, ushushe nyeupe ya Output hadi 220. Sasa penye mng'ao inapanda hadi 238, na jicho linaona tofauti.

Kabla ya kutuma, angalia herufi mbili. Iliyo mbali na mng'ao ikionekana kama ina vumbi, kioo chako kilichozimwa hakikuwa cheusi kamili; fungua Levels kwa leya ya mng'ao, usukume kitelezi cheusi kulia hadi vumbi liishe. Iliyo chini ya mng'ao nayo ikibaki nyeusi tititi, umesukuma sana. Rudisha kidogo.