Meza ya kukunja isiyoanguka na mzigo

Meza za kukunja tunaziona sana minadani. Mwenye biashara anafika asubuhi, anakunjua miguu, anapanga bidhaa zake. Jioni anaikunja na kuipakia kwenye mkokoteni. Meza nyingi za namna hiyo zina ugonjwa mmoja. Mtu akiegemea upande, miguu inajikunja yenyewe na meza inalala chini na vyote vilivyo juu yake. Mama mmoja alipoteza hivyo trei tatu za mayai kwa siku moja. Fundi aliyeitazama meza yake alimwambia, "Mama, meza yako ina miguu, lakini haina mikono."

Alikuwa na maana gani? Bawaba ndiyo inayofanya mguu ukunjike, na bawaba haijui lini unataka ukunjike na lini unataka usimame. Uzito unaoshuka wima hauiangushi meza. Kinachoiangusha ni kusukumwa kwa upande. Kwa hiyo kila mguu unahitaji mkono, yaani ubao mfupi unaokaa mshazari kutoka katikati ya mguu hadi chini ya meza. Hapo mguu, meza na mkono vinafanya pembetatu. Gonga misumari mbao nne ziwe kama fremu ya dirisha, msumari mmoja kila kona, kisha isukume: italala. Fanya hivyo kwa mbao tatu: haitalala.

Sasa tutengeneze meza yenye urefu wa meta 2, upana sentimeta 60 na kimo sentimeta 75. Kwa juu tumia mbao 3 za paina, kila moja upana inchi 8 na unene inchi 1. Paina ni nyepesi. Mninga ni mzuri, lakini meza yote ya mninga itakuchosha kuibeba. Mninga uweke kwenye mikono tu, maana hapo ndipo penye kazi.

Zilaze mbao tatu kifudifudi, zibanane. Zishike pamoja kwa vipande viwili vya inchi 2 kwa 2 vilivyokingama, kila kimoja sentimeta 20 kutoka mwisho wa meza. Tumia skrubu, usitumie misumari, kwa sababu misumari hulegea kwa kukunja na kukunjua. Vipande hivi ndivyo vitakavyobeba bawaba.

Miguu iwe ya mbao za 2 kwa 2, urefu sentimeta 67 na nusu. Ukijumlisha unene wa meza na kipande kilichokingama utapata zile 75. Unganisha miguu miwili miwili kwa mbao mbili za kukingama, moja karibu na juu na nyingine sentimeta 15 kutoka ardhini. Mbao hizo ziingie kwenye miguu kwa ulimi na tundu. Fremu iwe na upana wa sentimeta 50.

Bawaba zifungwe upande wa ndani, ili miguu ikunjike kuelekea katikati ya meza. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wanalipita haraka. Meza ikisimama, kichwa cha mguu ni lazima kigusane na kile kipande cha juu, mbao kwa mbao. Kisipogusana, uzito wote unabebwa na skrubu za bawaba, na skrubu zitang'oka. Chukua karatasi ya gazeti hili ukajaribu kuipitisha katikati. Ikipita, bado. Fungua bawaba, piga randa palipoinuka, funga tena. Vichwa vyote vinne vikatae karatasi.

Tumefika kwenye mikono. Chukua mbao 4 za mninga, inchi 2 kwa 1, kila moja sentimeta 55; baadaye utapunguza. Katika kila mguu toboa tundu kwa keekee sentimeta 30 chini ya bawaba, tundu lipite kutoka upande hadi upande. Toboa na mkono karibu na ncha moja, uukaze kwenye mguu, upande wa ndani wa fremu, kwa bolti ya milimeta 10 yenye washa na nati mbili. Nati ya pili inazuia ya kwanza isilegee. Mkono uweze kuzunguka, lakini usichezecheze.

Ile ncha nyingine itashikwa na mashavu mawili. Shavu ni kipande cha 2 kwa 2, urefu sentimeta 10. Yafunge kwa skrubu chini ya meza, sentimeta 30 kutoka kwenye bawaba, mkono upite katikati yao bila kubana wala kulegea. Mashavu yasizidi unene wa kile kipande chenye bawaba, la sivyo miguu haitalala vizuri ukiikunja.

Usitoboe tundu la juu kwa kukisia. Geuza meza miguu iwe juu, kisha pima hivi. Anza kwenye kona, pale kile kipande chenye bawaba kinapogusa mbao za meza. Pima sentimeta 30 kuufuata mguu, tia alama. Rudi kwenye kona, pima sentimeta 40 kuufuata ubao wa meza, tia alama. Kutoka alama hadi alama iwe 50 kamili. Ikiwa ni 49, mguu umelalia ndani. Ikiwa ni 51, umelalia nje. Mguu ukishakaa sawa, mwombe mtu aushike. Ingiza mkono kati ya mashavu, toboa shavu, mkono na shavu la pili kwa mara moja. Tundu likae sentimeta 3 kutoka ubao wa meza. Kisha kata mkono, lakini uache sentimeta 3 za mbao kupita tundu, maana mbao ikiwa fupi hapo itapasuka. Kona inayogusa meza iondoe kwa msumeno.

Keekee iwe ya milimeta 10, sawa na bolti. Nafasi ya milimeta 2 tu kwenye tundu, ikifika chini ya mguu inakuwa milimeta 6 hivi, na meza itayumba kama mlevi. Tundu likishapanuka, usijaze vijiti. Toboa tena kubwa zaidi na uweke bolti nene zaidi.

Bolti nne za kufungia zifunge kwa kamba kwenye mashavu, maana zikipotea ni sawa na kutokuwa na mikono. Tia alama 1 mpaka 4 kwenye mikono na mashavu, kwa sababu kila tundu lilitobolewa na mkono wake. Wakati wa kukunja, chomoa bolti, laza mkono uelekee chini ya mguu, ndipo ulaze mguu. Wakati wa kukunjua fanya kinyume, wala usiweke kitu juu kabla bolti zote nne hazijaingia.

Ijaribu nyumbani kabla ya mnada. Panga madebe 6 ya maji juu yake, uyatawanye. Hiyo ni kama kilo 120. Mbao zitapinda kidogo katikati, si kitu. Sukuma mwisho wa meza kwa kiganja, ukitazama mashavu. Shavu likisogea, skrubu ni fupi. Bolti ikicheza, tundu ni kubwa. Kichwa cha mguu kikiachana na mbao ya juu, rudia ile karatasi. Vitu vizito kama gunia na mizani viweke karibu na miguu, na watoto wasikalie ncha za meza zilizopita miguu, kwani huko hakuna mkono unaosaidia.