Ndege Iko Tayari, Saa za Marubani Zimekwisha

Usiku wa tarehe 1 Juni 1999, marubani wawili wa American Airlines walikuwa uwanja wa Dallas/Fort Worth, Texas, wakisubiri ndege. Kazi yao ilikuwa imeanza Chicago kabla ya adhuhuri. Walikuwa wamekwisha kuruka hadi Salt Lake City, kisha Dallas, na ilibaki safari moja fupi ya kwenda Little Rock, mji wa jimbo la Arkansas. Safari hiyo ilipangwa kuondoka saa 2:28 usiku, lakini ndege yao ilikuwa imecheleweshwa na hali mbaya ya hewa. Rubani msaidizi aliwasiliana na mratibu wa safari akamweleza kwamba ikifika saa 5:16 bila ya wao kuondoka, watapita kikomo cha kampuni cha saa 14 kazini, na safari itabidi ifutwe. Mratibu akawatafutia ndege nyingine. Wakaruka saa 4:40.

Mbele yao, dhoruba ya radi ilikuwa inaukaribia mji waliokuwa wanauendea. Waliharakisha ili watue kabla haijafika. Ilipofika saa 5:50 usiku ndege iliteleza ikapita mwisho wa njia ya kurukia, ikavunjika. Kati ya watu 145 waliokuwamo, 11 walifariki, akiwamo rubani mkuu. Wachunguzi walieleza kwamba marubani hawakupaswa kuendelea kutua katikati ya dhoruba ile, na kwamba walisahau kuhakikisha vibao vya juu ya mabawa vimefunguka. Vibao hivyo ndivyo huikandamiza ndege ardhini ili breki zishike. Uchovu ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia, kwani walikuwa macho kwa zaidi ya saa 16.

Hawakuvunja kikomo chochote cha saa. Walikuwa ndani yake, na hilo linaonyesha kwamba kikomo chenyewe kilikuwa kinapima uchovu vibaya. Saa ya kumi na tatu ya kazi inayoangukia alasiri si sawa na ile inayoangukia karibu na usiku wa manane. Kati ya saa nane usiku na alfajiri mwili huwa katika hali yake dhaifu kabisa. Mtu huamua polepole, husahau hatua aliyoizoea, na mara nyingi hajitambui kuwa amechoka.

Marekani ilibadilisha kanuni zake kwa kiasi kikubwa baada ya ajali nyingine, ya Februari 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50. Kanuni mpya za marubani wa ndege za abiria zilianza kutumika Januari 2014, na jambo kubwa ndani yake ni jedwali linaloanza na swali la saa ngapi umeripoti kazini. Rubani anayeripoti kati ya saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, akiwa na safari moja au mbili, anaruhusiwa hadi saa 14. Anayeripoti baada ya saa 6 usiku wa manane na kabla ya saa 10 alfajiri ana saa 9 tu. Safari zikiwa nyingi, saa hupungua zaidi, kwa sababu kupaa na kutua ndiko kunakochosha.

Abiria wengi hudhani saa hizo ni za kuwa angani. Sivyo. Zinaanza kuhesabiwa rubani anaporipoti uwanjani, na zinaisha ndege inapoegeshwa baada ya safari yake ya mwisho. Kusubiri mvua ipite kunahesabiwa. Kukaa kwenye foleni ya kupaa, injini zikinguruma, kunahesabiwa pia.

Tuchukue mfano. Marubani wameripoti saa 7 mchana wakiwa na safari nne. Jedwali linawapa saa 12, hivyo kufikia saa 7 usiku wawe wameegesha. Safari ya nne ilipangwa kuondoka saa 4 usiku na kufika saa 6, kwa hiyo kulikuwa na saa nzima ya ziada. Dhoruba inaichelewesha safari ya tatu, na akiba ile inamezwa. Saa 5:10 ndege iko tayari, abiria wanaingia. Hesabu sasa inaonyesha kwamba watafika baada ya saa 7.

Hapo kanuni inaruhusu nyongeza, lakini kwa masharti. Rubani mkuu na kampuni lazima wote wakubali, na haiwezi kuzidi saa mbili. Inayozidi nusu saa hutumika mara moja tu, mpaka rubani apate mapumziko ya saa 30 mfululizo. Tuseme hawa waliitumia jana. Wamebaki na nusu saa, yaani kikomo chao ni saa 7:30 usiku. Kutoka kupaa hadi kuegesha kunahitajika saa moja na dakika 40. Kwa hiyo ni lazima magurudumu yaache ardhi kabla ya saa 5:50.

Saa 5:48 bado kuna ndege tatu mbele yao kwenye foleni. Rubani mkuu anatangaza kwamba wanarudi mlangoni. Abiria aliyefunga mkanda, anayeona injini nzima na anga iliyokwisha kutulia, hawezi kuelewa kilichotokea. Laiti wangepaa saa 5:45 kisha wakakutana na upepo wa mbele, wangeendelea hadi kutua, kwa kuwa sheria inakubali dharura inayozuka ukiwa angani. Ila haikubali kupaa huku ukijua hesabu haitoshi.

Kwa nini wasiitwe marubani wengine? Marubani wa akiba hukaa kwenye vituo vikuu vya kampuni. Katika uwanja mdogo hayupo hata mmoja. Pale wanapokuwepo, anayerusha Boeing 737 hawezi kukabidhiwa Airbus A320 asiyo na leseni yake, na aliyeanza zamu ya akiba asubuhi naye saa zake zinakwenda. Wahudumu nao wana vikomo vyao. Nchini humo ndege ya viti 150 inahitaji wahudumu watatu, na kinachohesabiwa ni viti, si abiria. Mhudumu mmoja akiishiwa saa na hakuna wa kumbadili, ndege haiondoki hata ikiwa nusu tupu.

Takwimu hizi ni za Marekani. Nchi nyingine zina zake, kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linaitaka kila nchi mwanachama iweke vikomo. Barani Ulaya, kwa mfano, marubani wanaoanza kazi jioni wana saa 11 za msingi.

Safari ikifutwa usiku, athari yake hufika asubuhi. Marubani walioachiwa saa 6:30 usiku ni lazima wapumzike saa 10, na ndani yake wapate nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Hawawezi kuripoti kabla ya saa 4:30 asubuhi, hivyo kama ndio waliopangiwa safari ya alfajiri, nayo imechelewa.

Hasira ya abiria, kwa maoni yangu, inaelekezwa mahali pasipo. Rubani aliyerudisha ndege mlangoni amefanya kazi yake. Anayepaswa kuulizwa ni aliyepanga safari nne katika saa 12, akaacha akiba ya saa moja, katika msimu ambao dhoruba za jioni zinajulikana.