Miezi Iliyotimia Ndiyo Inayohesabiwa

Katika jedwali la uzito wa watoto kwenye kompyuta, mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupata umri kwa miezi iliyotimia:

```
=DATEDIF(B2,C2,"m")
```

B2 ni tarehe ya kuzaliwa, C2 ya kupimwa. Mvulana aliyezaliwa 20 Machi 2024 na kupimwa 5 Machi 2025 ana miezi 11, siyo 12. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kikomo chake cha chini ni kilo 7.6, cha miezi 12 ni 7.7. Akiwa na kilo 7.6, kosa la mwezi mmoja lingemwekea alama nyekundu bure.

Aliye chini ya kikomo apewe rufaa. Miguu yote miwili ikivimba, mpeleke mtoto kituoni hata bila alama, kwani maji mwilini huficha upungufu wa uzito.