Je, Wajua? Swali la Jaji Halisimamishi Saa

Je, wajua kwamba katika mashindano ya mahakama igizo ya Jessup, yanayofuata mfano wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, swali la jaji halisimamishi saa? Kila timu ina dakika 45, na maswali yanakula humo humo. Ndiyo maana hotuba iliyokaririwa neno kwa neno humwangusha hata mwanafunzi hodari. Wapo wanaosema kukariri huleta kujiamini. Ni kweli, hadi jaji akatize sentensi ya tatu. Hapo kinachomwokoa msemaji ni ramani aliyoitaja mwanzoni: hoja zake mbili au tatu, ile yenye nguvu ikitangulia.

Tazama mfano. Msemaji yumo katika hoja ya pili, jaji anauliza: je, kuwapa waasi silaha ni shambulio la kivita? Msemaji hunyamaza papo hapo, hata kama sentensi yake haijaisha. "Hapana, Mheshimiwa Jaji," anajibu. Jibu kwanza, sababu baadaye: katika kesi ya Nikaragua ya mwaka 1986, Mahakama iliona kwamba kutoa silaha kunaweza kuwa matumizi ya nguvu, lakini si shambulio la kivita. Kisha anarudi: "Hilo linanirejesha kwenye hoja yangu ya pili." Anayesema "nitafika huko" amekosea, kwani jaji huacha kusikiliza akisubiri jibu lake. Na asiyeijua kesi aliyoulizwa akiri tu. Akibuni na kugundulika, jopo haliamini tena kesi yoyote anayoitaja.