Mninga au Mkarati? Namna ya Kuutambua Mti kwa Picha za Jani, Gome na Tunda

Uvunaji wa miti ya asili hapa nchini huongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 pamoja na kanuni zake. Anayetaka kuvuna huhitaji kibali, na ada anayotozwa hutegemea aina ya mti. Kwa sababu hiyo jina la mti huandikwa kwenye kibali, nalo lazima liwe sahihi. Mkazi akiuita mkarati mninga, atalipia mti ambao hakuvuna. Akiuita mninga mkarati, atakuwa amekata mti usiomo katika kibali chake, na mbao zake zaweza kuzuiliwa njiani wakati wa ukaguzi.

Siku hizi wakazi wengi hupiga picha ya mti kwa simu na kumwonyesha ofisa misitu kabla ya kuandika maombi. Utaratibu huu huokoa safari, lakini picha nyingi za namna hiyo hazimwezeshi mtaalamu kutoa jibu. Huwa ni picha za shina peke yake, au za mti mzima ukiwa mbali. Makala haya yanaeleza ni sehemu zipi za mti zinazobeba ushahidi na kwa nini, na mfano wetu ni mninga.

Kwa nini mninga

Mninga, ambao wataalamu huuita Pterocarpus angolensis na baadhi ya wenyeji wa kusini huuita mtumbati, humea katika misitu ya miombo inayoizunguka Songea. Mbao zake hutafutwa kwa milango, vitanda na makabati kwa kuwa hazipindi kirahisi na huhimili mchwa. Novemba 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa CITES, zilipokutana Panama, ziliamua kuwa biashara ya kimataifa ya miti yote ya ukoo wa Pterocarpus iotayo Afrika iwekwe chini ya udhibiti wa vibali. Mninga umo.

Tatizo ni kwamba shina la mninga linafanana na mashina ya miti mingine ya miombo, hasa mkarati, yaani Burkea africana. Yote miwili ina gome la rangi ya kijivu kizito au kahawia iliyokolea, lenye nyufa na lililokatikakatika kama magamba mazito. Mtu mwenye uzoefu aweza kuitofautisha akiwa porini, kwa kuitazama kuanzia chini hadi juu. Katika picha ya shina peke yake, hata mwenye uzoefu aweza kukosea.

Tunda ni shahidi wa kwanza

Katika sehemu tatu zinazopigwa picha, tunda ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Ukubwa wa jani hubadilika kwa kivuli, rutuba na umri wa mti, lakini umbo la tunda hubadilika kidogo sana kutoka mti mmoja wa aina ile ile hadi mwingine.

Tunda la mninga ni bapa na la mviringo, lenye upana wa sentimita 8 hadi 12 na pengine zaidi. Katikati pana kitovu kigumu chenye mbegu, nacho kimefunikwa na nywele ngumu zinazochoma kidole. Kitovu hicho kimezungukwa na bawa jembamba kama karatasi, lenye mawimbi ukingoni. Matunda hubaki mtini muda mrefu, hata baada ya majani kupukutika wakati wa kiangazi, kwa hiyo mti usio na jani hata moja bado waweza kutambuliwa.

Umbo la mviringo peke yake halitoshi, kwa kuwa miti mingine ya ukoo huo nayo ina matunda yenye bawa la duara. Kwa hiyo picha ya tunda ionyeshe mambo mawili, nayo ni ukubwa wake na nywele za kitovuni. Weka kiberiti au rula kando ya tunda ili ukubwa upimike, kisha piga picha ya pili ukiwa karibu na kitovu.

Tunda la mkarati ni tofauti kabisa. Ni bapa, la kahawia, refu kuliko upana wake, halizidi sana urefu wa kidole, na kwa kawaida lina mbegu moja. Matunda hayo huning'inia kwa vichala. Mtundu na miti mingine ya jamii ya miombo huzaa maganda magumu kama ubao, ambayo hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu mbali.

Jani: hesabu mpangilio, usipime ukubwa

Shahidi wa pili ni jani, na hapa ndipo picha nyingi hupotoka. Mtu huchuma kile anachokiona kuwa jani moja na kukipiga picha kiganjani, kumbe ni kipande kimoja tu cha jani. Jani la mninga, la mkarati na la mtundu limegawanyika vipande vingi vilivyopangwa juu ya kikonyo kimoja. Kipande kimoja kikitengwa, hakisemi mengi.

Njia ya kujua jani zima linaanzia wapi ni kutafuta jicho, yaani chipukizi dogo ambalo halijafunguka. Jicho hukaa kwenye pembe, pale kikonyo cha jani kinapoungana na kitawi. Chini ya kipande cha jani hakuna jicho. Kwa hiyo fuata kikonyo ukirudi nyuma mpaka ulione jicho, kisha piga picha ya jani lote kuanzia hapo hadi nchani, likiwa bado limeshikamana na kitawi.

Ukishapata jani zima, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: je, jani limegawanyika mara moja au mara mbili? Likiwa limegawanyika mara moja, vipande hushikamana moja kwa moja na kikonyo kikuu. Likiwa limegawanyika mara mbili, kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo vya pembeni, na vipande hushikamana na hivyo vidogo. Mninga ni wa kwanza, mkarati ni wa pili. Swali hili peke yake hutenganisha miti hiyo miwili ambayo magome yake yanafanana.

Swali la pili: je, nchani mwa jani pana kipande kimoja au jozi? Jani la mninga humalizikia kwa kipande kimoja kilichosimama peke yake, na vipande vyote kwa kawaida ni kati ya 11 na 19, wakati mwingine zaidi. Vile vya pembeni mara nyingi havikabiliani sawasawa. Kimoja hutangulia kidogo na mwenzake hufuata. Jani la mtundu humalizikia kwa jozi, na vipande vyake hukaa viwili viwili kwa kukabiliana, jozi ya mwisho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Mkongo nao, wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, jani lake humalizikia kwa jozi.

Usichukue jani kutoka kwenye machipukizi ya kisiki au mche mchanga. Majani hayo mara nyingi huwa makubwa kupita kiasi na yaweza kukupotosha. Chukua jani lililokomaa kutoka tawi linalopata jua, na upige picha ya upande wa juu na wa chini.

Gome huthibitisha, haliamui

Gome huja mwisho kwa sababu hubadilika sana. La mti mchanga ni laini kuliko la mti mzee, na moto wa kiangazi unaopita katika miombo hulifanya jeusi na kuficha rangi yake ya asili. Piga picha ya gome kwenye usawa wa kifua, upande ambao haukuungua, kiberiti kikiwa kando yake.

Wengi hutegemea utomvu mwekundu kama damu unaotoka mninga ukikwanguliwa. Ni kweli kwamba mninga hutoa utomvu huo, lakini mkurungu, ndugu yake anayepatikana zaidi magharibi mwa nchi, nao hutoa utomvu mwekundu. Utomvu unakuambia kuwa huenda uko katika ukoo sahihi, haukuambii umefika kwenye mti sahihi. Tena hauhitaji kuukata mti ili kuutambua: alama ya jeraha la zamani kwenye shina au tawi lililovunjika hutosha kwa picha.

Mfano: ushahidi unapogongana

Tuchukulie kwamba mkazi ameleta picha tatu na kusema mti ni mninga. Picha ya kwanza ni gome jeusi lenye magamba. Ya pili ni tunda la mviringo lenye nywele kitovuni, aliloliokota chini ya mti. Ya tatu ni jani zima. Picha mbili zinakubaliana na mninga, lakini jani limegawanyika mara mbili.

Hapa haifai kupiga kura na kusema mbili zimeishinda moja. Gome linalingana na mninga na mkarati pia, kwa hiyo halijasema lolote. Tunda linalingana na la mninga, ila limeokotwa chini, na bawa lile limeumbwa ili lipeperushwe na upepo. Laweza kuwa limetoka kwenye mti mwingine. Jani, kwa upande wake, limepigwa picha likiwa kwenye tawi la mti wenyewe, na mninga hauna jani lililogawanyika mara mbili.

Hatua inayofuata ni kurudi na kutazama juu. Ncha za vitawi zikiwa na vinyweleo laini vya rangi ya kutu, na vichala vya matunda madogo bapa vikining'inia mtini, mti huo ni mkarati. Na pakiwapo mninga hatua chache upande unaotoka upepo, hapo pametokea lile tunda. Kanuni ya kushika ni hii: tunda lililo tawini lina uzito kuliko lililo chini, na likiwa chini, liwe mojawapo ya mengi.

Picha za kuleta ofisini

Kabla ya kuandika maombi ya kibali, mletee ofisa misitu picha hizi: matunda yakiwa kwenye tawi, tunda moja karibu likiwa na kiberiti, jani zima kuanzia kwenye jicho, upande wa chini wa jani, gome, na mti mzima. Andika kijiji, tarehe, na jina ambalo wenyeji huuita mti huo. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, kwa sababu picha ya kawaida hupunguzwa ubora na nywele za kitovuni hupotea.

Mti usipokuwa na jani wala tunda, au jani na tunda vikipingana baada ya kurudi kuutazama, picha haiwezi kuamua. Katika hali hiyo omba ofisa aje auone mti wenyewe, na shoka lisubiri mpaka jina lijulikane.