Kopo lililoongezeka uzito

Katika stoo ya maabara ya sekondari, sodiamu haidroksidi hukaa kwenye kopo jeupe la plastiki, aghalabu la gramu 500. Ndani mna punje nyeupe mfano wa vidonge vidogo. Lifunike ovyoovyo, kisha lirudie baada ya wiki kadhaa: punje zimelowa, zimegandana, na mdomo wa kopo umeota ukoko mweupe. Zimenyonya unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kwa shule za mwambao, kazi hiyo haichukui muda.

Lebo inasema kopo litaisha muda baada ya miaka miwili. Ni kweli, ila tarehe ile kiwanda kiliipigia hesabu chupa iliyofungwa na kutunzwa vizuri. Siku mfuniko ulipofunguliwa, saa nyingine ilianza kuhesabu, na hiyo haimo kwenye lebo mpaka mtu aiandike kwa kalamu.

Tuseme mtunza maabara amechota gramu 20 kila mara, za kutengeneza lita tano za mmumunyo wa 0.1 M, kwa kuwa lita moja hutaka gramu 4. Leja inaonyesha amechota mara 12, jumla gramu 240. Zilizobaki kwa maandishi ni 260. Anazipima zilizomo koponi: 297. Hakuna aliyeongeza kitu. Zile gramu 37 ni maji na kaboni dayoksaidi.

Sasa mwalimu akipima gramu 4 kutoka kopo hilo, anapata kama gramu 3.5 tu za alkali aliyoikusudia. Kidato cha nne wanafanya taitresheni: sentimita za ujazo 25 za mmumunyo kwenye chupa, matone ya methaili oranji, na asidi haidrokloriki ya 0.1 M kwenye bureti. Mwalimu anangoja 25.0, darasa zima linaleta 21.9. Mwanafunzi makini anasahihishwa kwa kosa, ilhali yeye ndiye aliyesoma sawasawa. Kwa kuwa leja ipo, dawa ni rahisi: kupima gramu 4.57 badala ya 4, kisha kuhakiki kwa asidi ambayo nguvu yake inajulikana. Bila leja, lawama huiangukia bureti, au mtoto.

Kwa hiyo daftari hilo halitaki mambo mengi: tarehe, kiasi kilichotoka, kipindi gani, nani kachukua, kiasi kilichobaki, na tarehe ya kufunguliwa. Mara moja kwa muhula pima vilivyobaki ulinganishe. Kikizidi, kimenyonya unyevu. Kikipungua, kimemwagika, kimepaa hewani, au kimetoka bila kuandikwa.

Si kila kitu huharibika kwa mwendo huo. Chumvi ya kawaida au kopa salfeti iliyofunikwa vizuri hudumu miaka, hata tarehe yake ikipita, na kuzimwaga kwa sababu ya lebo ni kupoteza fedha za shule. Feri salfeti ndiyo ya kuiangalia kwa macho: inatakiwa kuwa ya kijani hafifu, na ikigeuka ya hudhurungi, chuma chake kimeshabadilika na majibu ya uchambuzi yatayumba. Haidrojeni peroksaidi huvunjika polepole ikatoa oksijeni, hivyo chupa yake isikazwe mfuniko usio na tundu la kupumulia.

Baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kupanga rafu kwa alfabeti. Inapendeza ukaguzi ukija, lakini lebo ni za Kiingereza, na kwa mpangilio huo spiriti huangukia M, naitriki N, yaani bega kwa bega. Chupa mbili hizo zikivunjika pamoja, mchanganyiko huchemka wenyewe, hutoa moshi wa sumu na unaweza kuwaka. Spiriti na asetoni ziwe mahali pao, mbali na moto. Naitriki na potasiamu pamanganeti, ambazo huchochea moto, zisiwe karibu nazo, na zenyewe zitenganishwe. Asidi kali zikae rafu ya chini kabisa ndani ya trei ya plastiki, sodiamu haidroksidi iwe upande mwingine, na alfabeti itumike ndani ya kila kundi.

Ukiingia stoo ukakuta chupa zote zimepakwa utando mweupe kama vumbi la chaki, hata zile zisizoguswa, usikimbilie kitambaa. Tafuta chupa ya amonia na ile ya asidi haidrokloriki. Mvuke wake umekutana hewani ukawa amoniamu kloraidi. Zitenganishe, kaza mifuniko, ndipo ufute.