Namba inayounguza picha

Anayetengeneza picha kwa programu ya akili mnemba kama Stable Diffusion huandika maelezo ya anachotaka, akabonyeza kitufe, akasubiri. Karibu na kisanduku cha maelezo kuna namba ambayo wengi huiacha kama walivyoikuta. Programu nyingine huiandika `guidance_scale`, nyingine `CFG Scale`. Hapa tuiite kipimo cha mwongozo. Siku picha ikikataa kutoa kilichoombwa, hapo ndipo mkono unapokimbilia. Namba inapandishwa kutoka 7.5 hadi 15, kisha 20, kwa imani kwamba sasa kompyuta itasikia. Kinachotoka ni picha yenye rangi za kuumiza macho na nyuso zinazong'aa kama plastiki, na mara nyingi kile kilichokosekana bado hakipo.

Imani hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Namba hii haipimi utii, na ili kuona inapima nini hasa, inabidi tuingie ndani ya kazi yenyewe.

Modeli za aina hii huanza na chengachenga tupu, kama za televisheni iliyokosa antena, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi picha ijitokeze. Hatua 20 hadi 50 ni za kawaida. Katika kila hatua modeli hukisia ni kipi katika kile inachokiona ni uchafu wa kuondolewa na ni kipi ni picha. Mwaka 2021 Jonathan Ho na Tim Salimans, waliokuwa watafiti wa Google, walipendekeza kwamba swali hilo liulizwe mara mbili: mara ya kwanza modeli ikiwa imesoma maelezo yako, mara ya pili ikiwa haijapewa neno lolote. Modeli huweza kujibu yote mawili kwa sababu wakati wa kufundishwa baadhi ya picha huonyeshwa bila maelezo yake. Kisha majibu hayo mawili huunganishwa hivi:

```
jibu = bila_maneno + s * (kwa_maneno - bila_maneno)
```

Hiyo `s` ndiyo namba yetu. Kinachozidishwa ni tofauti kati ya majibu mawili, yaani kile ambacho maneno yako yameongeza. Ikiwa `s` ni 0, maneno yako hayana kazi. Ikiwa ni 1, unapata jibu la modeli iliyosoma maelezo, bila kutiwa chumvi. Ukipita 1, modeli inasukumwa mbele zaidi ya mahali ambapo yenyewe ingesimama.

Tuchukue nukta moja ya picha. Wakati wa kufundishwa, mwangaza wa nukta huandikwa kwa namba kati ya -1, ambayo ni giza kabisa, na 1, ambayo ni mwanga kamili. Tuseme katika hatua fulani modeli isiyo na maneno inaipa nukta hiyo 0.10, na yenye maneno inaipa 0.16. Tofauti ni 0.06 tu. Kwa kipimo cha 7.5 tofauti hiyo inakuwa 0.45, na nukta inafika 0.55, ambayo bado ni rangi halali. Kwa kipimo cha 20 inakuwa 1.20, na nukta inafika 1.30. Hakuna rangi ya 1.30. Itakatwa irudi 1, na majirani zake waliofika 1.25 au 1.40 watakatwa vilevile. Waliokuwa wakitofautiana kidogo wote wanakuwa sawa, na mikunjo ya shati au mashavu ya mtu yanageuka bapa la rangi moja. Stable Diffusion hufanya hesabu hii kwenye picha iliyofupishwa, si kwenye nukta zenyewe, lakini uharibifu ni wa ukoo huohuo.

Sasa tuombe picha kamili. Modeli za mwanzo za Stable Diffusion zilifundishwa hasa kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo tunaandika:

```
an old fisherman in a blue shirt mending a net beside a dhow
```

Mzee mvuvi, shati la buluu, anashona wavu kando ya jahazi. Kwa kipimo cha 1 au 2 rangi huwa zimefifia na mistari haijakaza. Mtu anaweza kuonekana bila wavu, jahazi likawa umbo tu linaloelea, shati likawa la kijivu. Ukibadilisha mbegu, ile namba inayoamua chengachenga za kuanzia, unapata picha tofauti kabisa kila mara. Huo utofauti ni uzuri halisi wa kipimo cha chini, na anayetafuta wazo la mpangilio asiudharau. Kwa takriban 7 mzee, wavu na jahazi hukaa mahali pake na nuru hubaki ya kuaminika.

Ukifika 20, buluu ya shati huvuja ikaingia baharini na angani, kwa sababu neno `blue` limezidishwa katika picha nzima. Ndevu huwa waya, vivuli huwa vyeusi tii, kingo za vitu huzungukwa na mstari mkali. Ukibadilisha mbegu, wazee hufanana, wakiwa wamekaa mkao mmoja, kana kwamba modeli inamjua mvuvi mmoja tu. Dalili hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini zaidi, maana rangi kali unaweza kuidhania mtindo, lakini mbegu nyingi zenye picha moja haziwezi kuelezwa vingine.

Na kama modeli haijui mtu hushikaje sindano ya kushonea wavu? Majibu yake mawili yatakuwa yameukosea mkono ule wote mawili. Tofauti yao haina maarifa hayo, na kuizidisha kwa 20 hakuyaleti. Hapo dawa ni kubadilisha maelezo, au mbegu, au modeli yenyewe.

Kosa jingine ni kuhamisha namba kutoka modeli moja hadi nyingine. Ile 7.5 ilizoeleka kutokana na Stable Diffusion za mwanzo. SDXL Turbo imefundishwa kufanya kazi bila mwongozo huu kabisa, na watengenezaji wake wanaagiza iwekwe `guidance_scale=0.0`. FLUX.1 dev hutumiwa kwa kawaida karibu na 3.5, na kwake namba hiyo ni taarifa inayopewa modeli, wala si kizidisho cha majibu mawili. Tena, katika maktaba ya Diffusers, kipimo kikiwa 1 au chini, swali la pili haliulizwi. Orodha yako ya usivyovitaka, ile ya `negative_prompt`, huishi ndani ya swali hilo la pili, kwa hiyo inapuuzwa kimyakimya.

Wanaohitaji kipimo kikubwa kweli wana njia ya kupunguza madhara. Modeli ya Imagen ya Google, mwaka 2022, ilitumia ujanja huu: katika kila hatua hupima nukta zimevuka mpaka kwa kiasi gani, kisha hugawanya picha nzima kwa kiasi hicho badala ya kukata vichwa vya zilizozidi, ili tofauti kati ya nukta ibaki. Diffusers nayo ina `guidance_rescale`, inayorudisha ukali wa jibu karibu na ule wa modeli isiyosukumwa. Thamani ya 0.7 ndiyo iliyopendekezwa na walioibuni. Kabla ya kuigusa, funga mbegu moja na utoe picha kwa 3, 5, 7 na 10. Rangi zikianza kuungua kabla wavu haujaonekana, rudi kwenye maelezo.